Kilo Mbili kwa Siku Tatu: Kipeperushi cha Moyo Kinachowafaa Watu wa Ziwani

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo huondoka wodini na vitu vitatu: mfuko wa dawa, tarehe ya kurudi kliniki na kipeperushi. Dawa huhesabiwa na tarehe hukumbukwa. Kipeperushi, mara nyingi, hukunjwa na kuhifadhiwa pamoja na kadi ya bima, nacho hakisomwi tena. Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwa hilo. Hoja ya makala haya ni kwamba lawama kubwa zaidi inastahili kukielekea kipeperushi chenyewe, kwa kuwa kimeandikwa kama waraka kwa watu wote, ilhali kazi yake hasa ni kumwambia mtu mmoja ni asubuhi ipi aache shughuli zake na kwenda kupimwa.

Vipeperushi vya namna hii hufanana karibu kila mahali. Huagiza mambo manne: pima uzito kila siku, punguza chumvi, punguza vinywaji, angalia uvimbe. Maagizo hayo ni sahihi, lakini hayana kipimo. Uzito ukizidi kiasi gani? Chumvi ya chakula kipi? Vinywaji vipungue hadi wapi? Uvimbe wa namna gani, na ukionekana mtu aende wapi? Mgonjwa anayeishi umbali wa kutembea kutoka hospitali anaweza kwenda kuuliza. Anayeishi Ukerewe, Ukara au kwenye mwalo wa Sengerema hulazimika kuamua mwenyewe, tena kabla chombo hakijaondoka.

Chukua mfano wa kubuni, ambao wahudumu wengi wa Kanda ya Ziwa watautambua. Mama wa miaka 54 kutoka kisiwani amelazwa Mwanza kwa siku tisa. Shinikizo la damu la miaka mingi limeudhoofisha moyo wake. Ameingia akiwa amevimba miguu na hawezi kulala chali. Ametolewa maji kwa furosemaidi, na siku ya kuruhusiwa ana kilo 58.0, miguu haina uvimbe na mapafu hayana sauti ya maji. Anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu kunatokea msiba kwa wanazengo, naye anashinda matangani akila ugali na kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Lau angepimwa, Jumatatu mizani ingesoma 58.0, Jumanne 58.5, Jumatano 59.3 na Alhamisi 60.2. Hakuna aliyempima. Lakini watu wameona mashavu yake yamejaa. “Wifi, hongera, sasa umenawiri,” anaambiwa, naye anafurahi, kwa sababu alipotoka hospitali wengi walimnong’ona kwa kukonda kwake. Jumapili viatu havimwingii. Jumanne usiku anaamka akitafuta hewa, anakaa dirishani hadi alfajiri, na familia inaanza kukusanya nauli ya kumrudisha alikotoka.

Kati ya Alhamisi ile na usiku ule zilipita siku tano. Kipeperushi kizuri ni kile ambacho kingeziona siku hizo.

Ili kukiandika, sharti kwanza ieleweke uzito huo ulitoka wapi. Moyo unaposukuma damu kwa udhaifu, figo hupata damu pungufu na kuitafsiri hali hiyo kana kwamba mwili umepungukiwa na maji. Hivyo huzuia chumvi isitoke, na maji huifuata chumvi. Lita moja ya maji yanayobaki nje ya chembe za mwili huambatana na takriban gramu 9 za chumvi, na lita moja ina uzito wa kilo moja. Mama yule aliyeongezeka kilo 2.2 alikuwa amehifadhi kiasi cha gramu 20 za chumvi, karibu vijiko vinne vya chai, na maji yote yaliyoandamana nayo. Mafuta hayawezi kuongezeka kwa kasi hiyo, kwani ili kupata kilo mbili za mafuta kwa siku tatu, mtu angepaswa kula chakula cha takriban wiki nzima juu ya mlo wake wa kawaida. Kwa hiyo mtu aliyeongezeka kilo mbili kwa siku tatu hakunawiri. Amejaa maji. Sentensi hiyo inastahili kuwa ya kwanza katika kila kipeperushi kinachotolewa katika jamii ambamo unene husifiwa na kukonda hutiliwa shaka.

Kipimo hicho cha zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu ndicho kinachotumiwa katika miongozo ya Ulaya. Ile ya Marekani hutaja ongezeko la kilo moja hadi moja na nusu kwa siku moja, au kilo mbili na zaidi kidogo kwa wiki. Tofauti hizo si kubwa; lililo muhimu ni kuchagua kipimo kimoja na kukigeuza kuwa namba ya mgonjwa mwenyewe. Badala ya kuchapa “uzito ukiongezeka, onana na daktari”, kipeperushi kiwe na nafasi tupu zinazojazwa kwa kalamu siku ya kuruhusiwa: “Uzito wako bila uvimbe ni kilo 58. Mizani ikisoma 60 au zaidi ndani ya siku tatu, nenda siku hiyohiyo au kesho yake kwenye kituo hiki,” na jina la kituo liandikwe hapo. Mgonjwa hahitaji tena kutoa wala kujumlisha. Anahitaji kuitambua 60 anapoiona, na hata mjukuu wa darasa la pili anaweza kumsomea.

Swali la haki hufuata mara moja: mizani iko wapi? Kaya nyingi za mwaloni hazina mizani ya kusimamia, na mizani ya samaki si ya watu. Kwa anayeweza kununua, mizani ndogo ya sakafuni inatosha, na kipeperushi kieleze namna ya kuitumia: kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai, kwa vazi jepesi lilelile, juu ya sakafu ngumu. Mkeka huidanganya mizani. Penye sakafu ya udongo, iwekwe juu ya ubao uliolala sawasawa. Mizani si lazima iwe sahihi kama ya hospitali, mradi isiyumbe. Jaribio lake ni rahisi. Mtu asimame juu yake, asome, kisha ashike chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji na asome tena. Namba ikipanda kwa takriban kilo moja na nusu, mizani hiyo inaweza kulinasa ongezeko linalotafutwa. Isipopanda, haifai. Na kwa kuwa mizani ya nyumbani na ya wodini huweza kutofautiana, uzito wa asubuhi ya kwanza nyumbani ndio uandikwe kuwa mwanzo wa hesabu.

Asiye na mizani asiachwe na agizo asiloweza kulitimiza. Zahanati ya kijiji ina mizani, na mgonjwa anayepita hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenye mizani ileile, atalinasa ongezeko kubwa kabla halijamwangusha. Wauguzi wa zahanati wakubaliane naye kwamba hapangi foleni kwa ajili ya kusimama juu ya mizani kwa nusu dakika. Hilo ni jambo la utaratibu, wala halihitaji bajeti.

Uzito, hata hivyo, una mipaka yake, na kipeperushi kinachouficha ukweli huo ni cha hatari. Wapo wagonjwa wanaojaa maji mapafuni bila mizani kupanda sana. Wapo pia wanaokonda misuli polepole kwa miezi kadhaa huku maji yakichukua nafasi yake, hivyo mizani husoma 58 ileile ilhali uzito wao halisi umeshuka hadi 55. Kwa sababu hiyo namba iliyoandikwa kwa kalamu ifutwe na kuandikwa upya kila kliniki, baada ya mgonjwa kukaguliwa. Na dalili za uvimbe na za pumzi zisimame peke yake, bila kusubiri idhini ya mizani.

Tukija kwenye chumvi, vipeperushi vingi huonya juu ya vyakula vya makopo, jibini na soseji. Onyo hilo halimhusu sana mtu wa Nansio. Ugali wake hupikwa bila chumvi. Sato na sangara wabichi wana chumvi kidogo, na dagaa wa ziwani waliokaushwa kwa jua tu hawakutiwa chumvi. Chumvi yake huja kwa milango mingine mitatu. Wa kwanza ni kayabo. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi nyingi huweza kuwa na chumvi inayozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hivyo kipande cha gramu 100 hubeba zaidi ya gramu 10, mara mbili ya kiwango cha siku nzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni chini ya gramu 5, sawa na kijiko cha chai kisichojaa. Kumloweka na kumwaga maji mara kadhaa hupunguza chumvi hiyo, lakini hakuna mpishi awezaye kujua imebaki kiasi gani. Mlango wa pili ni magadi yanayotiwa kwenye maharage na mlenda. Hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu, na mgonjwa aliyeacha chumvi huku akiendelea na magadi huamini ametii. Wa tatu ni unga wa mchuzi wa pakiti, ambao chumvi ni sehemu yake kubwa.

Je, chumvi iondolewe kabisa? Ushahidi hauungi mkono ukali huo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa 806 katika nchi sita, ulilinganisha mlo wenye sodiamu ndogo sana na huduma ya kawaida. Vifo na kulazwa havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa wagonjwa wa mlo mkali walijisikia nafuu kidogo. Lakini asisome mtu matokeo hayo kama ruhusa ya kayabo: washiriki walianza utafiti wakiwa tayari wanakula chumvi takriban gramu 6 tu kwa siku. Funzo lake ni kwamba kushuka kutoka kidogo hadi kidogo zaidi huleta faida ndogo. Hakuna mahali uliposema kwamba gramu 20 hazina madhara. Kwa hiyo kipeperushi cha ziwani kiachane na vita dhidi ya chembe za chumvi kwenye sufuria ya mchicha, ambavyo humfanya mgonjwa achukie chakula na kukonda. Kiseme waziwazi: kayabo, magadi na unga wa mchuzi havitumiki, mezani hapawekwi kikopo cha chumvi, na chungu cha familia kipate ladha kwa ndimu, nyanya, kitunguu saumu na tangawizi. Matangani, ambako mgonjwa hapiki, achukue ugali na mboga, na kitoweo cha chumvi awaachie wengine.

Kuhusu vinywaji, ukali wa vipeperushi umevuka ushahidi kwa mbali zaidi. Lita moja na nusu kwa siku imeandikwa kama amri kwa kila mgonjwa, akiwemo mvuvi anayeshinda juani. Miongozo haisemi hivyo. Kikomo cha lita moja na nusu hadi mbili huzingatiwa kwa wagonjwa waliozidiwa, hasa wale ambao sodiamu ya damu imeshuka. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2025, wenye wagonjwa 504 waliotulia, haukuona kwamba kikomo hicho kiliwaboreshea hali. Ulichokiona ni kiu zaidi. Inafaa basi kipeperushi kiwe na kisanduku viwili vya kuchagua, daktari atie alama kimoja: “Kunywa kwa kufuata kiu yako, bila kujilazimisha maji mengi,” au “Usizidishe lita ……… kwa siku.”

Kwa aliyewekewa kikomo, hesabu ya mililita haina maana jikoni. Njia iliyo nyepesi ni ya chupa. Asubuhi mgonjwa ajaze maji chupa ya lita moja na nusu. Kila anapokunywa kitu kingine, chai, uji, togwa, soda au bakuli la mchuzi, amimine nje ya chupa maji ya kiasi hichohicho kwa kikombe kilekile. Chupa ikiisha, siku yake ya kunywa imeisha. Jambo moja lisisahaulike mahali ambapo kipindupindu kimewahi kupita: mgonjwa anayeharisha au kutapika hafungwi na kikomo hicho wala haogopi maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara kwa sababu yana chumvi. Aende kituoni siku hiyohiyo, kwa kuwa furosemaidi ikiendelea kutoa maji kwenye mwili ambao tayari umekauka, figo huumia. Kushuka kwa kilo mbili pamoja na kizunguzungu ni kengele sawa na kupanda.

Linabaki suala la uvimbe, nalo ndilo linaloelezwa kwa neno moja tu katika vipeperushi vingi. Uvimbe wa moyo hufuata mvuto wa ardhi. Kwa mtu anayetembea huanza vifundoni na huonekana zaidi jioni. Kwa anayelala muda mrefu hujificha mgongoni chini, juu ya makalio, mahali ambapo hakuna anayetazama. Kuupima ni kubonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha kuondoa kidole. Shimo likibaki, hayo ni maji. Alama ya kandambili inayobaki mguuni na viatu visivyoingia ni ushahidi wa namna hiyohiyo. Alama hiyo ikipanda kutoka kifundoni kuelekea gotini ndani ya siku mbili au tatu, mgonjwa aende kupimwa hata kama mizani imetulia.

Tumbo linahitaji tahadhari ya pekee mwambaoni. Kichocho cha ziwani huharibu mishipa ya ini na kujaza tumbo maji, na familia nyingi hulijua tumbo la namna hiyo, ama huhusisha uvimbe wote na kurogwa na kupoteza wiki nzima kwa mganga. Mara nyingi tumbo la ini hutangulia miguu, na miguu ya moyo hutangulia tumbo, ingawa kanuni hiyo huvunjika. Mgonjwa wa moyo asikae kujadili chanzo. Kanga ikianza kubana kiunoni, aende. Uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye maumivu, ni jambo jingine kabisa: huenda ni damu iliyoganda, nao ni wa kuonwa siku hiyohiyo. Na kabla ya kuilaumu chumvi, mhudumu aulize kuhusu vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa dukani bila cheti, huzifanya figo zizuie maji, na huweza kumvimbisha mgonjwa aliyekuwa ametulia.

Zipo dalili zisizongoja mizani, wala kesho, wala siku ya kliniki: kukosa pumzi akiwa ameketi, kuamka usiku kwa kukabwa na pumzi, kushindwa kulala bila kuinuliwa na mito aliyokuwa haihitaji, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, maumivu ya kifua, kuzimia, au kuchanganyikiwa. Hizi zikae katika kisanduku chao chenye mstari mzito, chini yake neno “SASA” na namba ya simu ya kituo.

Wahudumu watasema, na kwa haki, kwamba wodi imejaa na hakuna muda wa kujaza karatasi. Lakini nafasi zinazohitaji kalamu ni nne tu: uzito usio na uvimbe, uzito wa kuchukulia hatua, kikomo cha vinywaji kama kipo, na kituo cha kwenda. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo ina faida ya pili: humlazimisha daktari kuamua, kabla ya kumruhusu mgonjwa, kama kweli maji yameisha. Asiyeweza kuandika uzito usio na uvimbe huenda anamruhusu mgonjwa mapema mno. Wapo watakaopenda kuongeza nafasi ya tano kwa wagonjwa wa visiwani, yaani ruhusa ya kuongeza kidonge kimoja cha furosemaidi kwa siku tatu namba ikifikiwa. Ni jambo jema kwa mgonjwa aliyechaguliwa, ambaye figo na potasiamu yake vimepimwa, na likiandikwa kwa idadi ya vidonge na ya siku. Likisemwa kwa mdomo tu, watu huendelea na dozi hiyo kwa miezi.

Namba inayoandikwa huko Mwanza haina budi kueleweka kisiwani. Mganga wa zahanati anayepokea mama mwenye karatasi isemayo 58 na 60, naye mizani yake inasoma 60.2, hana haja ya kipimo cha sauti cha moyo ili kuanza. Anabonyeza muundi, anasikiliza mapafu, anapima shinikizo, anauliza kuhusu kayabo na vidonge vya maumivu, anahakikisha dawa hazijaisha, anarekebisha furosemaidi au kupiga simu, na anamwambia arudi baada ya siku mbili apimwe tena. Mama wa mfano wetu angekuwa mbele yake siku ya Alhamisi, akitembea kwa miguu yake, siku tano kabla ya usiku ule wa dirishani.